Dhahabu ya shangazi na ile asilimia tano ya bima ya nyumba

Shangazi yangu aliibiwa dhahabu ya shilingi 1,344,000 akalipwa na bima shilingi 180,000, na uchungu wa hii stori ni kwamba kampuni haikumdhulumu hata senti. Nimeuza bima Mombasa miaka mingi, nilikaa mezani na asesa, yule anayekagua hasara kabla kampuni hailipi, tukapitia hesabu mstari kwa mstari na kila kitu kilikuwa vile mkataba unasema. Ndio maana nataka kuieleza vizuri, manake kila mtu akiisikia anasema ah bima ni wezi tu, halafu anaenda kurudia kosa lile lile na dhahabu yake mwenyewe.

Yeye alikuwa na ile bima ya nyumba ambayo hapa Kenya inakuja kama furushi moja lenye sehemu za A, B, C na kuendelea. Sehemu A ni jengo lenyewe, B ni vitu vya ndani, C ni ile ya hatari zote, halafu kuna za wafanyakazi wa nyumbani na dhima kwa watu wengine. Shangazi ni mpangaji kwa hivyo A haikumhusu, alichukua B peke yake na akaandikisha vitu vya ndani kwa milioni mbili. Hesabu yake ilikuwa karibu sawa. Fanicha, friji, tivii, vyombo, mapazia na nguo alizipiga kama 650,000, dhahabu ndio ilijaza iliyobaki, kwa hivyo milioni mbili haikuwa uongo wala haikuwa pungufu kwa kiasi cha kutajika. Alilala akijua kila kitu kimo ndani.

Siku ya harusi ya jirani wezi wakavunja vyuma vya dirisha la jikoni, wakapita moja kwa moja hadi chumbani. Hawakugusa tivii. Walichukua mkufu mmoja wa gramu 40 na bangili sita za gramu kumi na mbili kila moja, zote karati 22. Ukipiga gramu kwa shilingi 12,000, ndio bei tuliyotumia kwenye kleimu, mkufu ni 480,000 na zile bangili ni 864,000. Yote ya kwenye droo moja, ukubwa wa boksi la majani ya chai.

Sasa ndani ya sehemu B kuna sentensi ambayo karibu kila mkataba wa aina hii unayo, imerithiwa kutoka kwa mikataba ya Kiingereza ya zamani na maneno hubadilika kidogo kampuni na kampuni. Yake ilisema hakuna kitu kimoja, jozi au seti ya dhahabu, fedha, vito, saa, picha au sanaa itakayohesabiwa kuwa na thamani zaidi ya asilimia 5 ya jumla ya vitu vya ndani, isipokuwa kimeandikwa peke yake. Halafu sentensi inayofuata ikasema vitu vyote vya dhahabu na fedha na vito vikijumlishwa havitazidi theluthi moja ya hiyo jumla. Kwa hivyo kuna vikomo viwili, kimoja cha kitu kimoja na kingine cha dhahabu yote kwa pamoja, na watu wengi hata wakijua cha kwanza hawajui cha pili.

Asilimia 5 ya milioni mbili ni laki moja. Mkufu wa 480,000 ukahesabiwa laki moja. Kwa bangili ndio tulibishana, manake shangazi alisema hizi ni bangili sita, kila moja ni kitu chake, navaa mbili siku hii na nne siku ile. Kila moja ilikuwa 144,000 kwa hivyo kila moja ingekatwa ikawa laki moja na zote sita zingekuwa laki sita, ukiongeza mkufu laki saba, hapo kikomo cha theluthi kinaingia na kukata mpaka 666,667. Asesa akamwekea kidole kwenye neno moja tu, seti. Zilinunuliwa pamoja, risiti moja, nakshi moja, kwa hivyo ni seti na seti ni laki moja. Jumla laki mbili, toa eksesi ya asilimia 10, yaani sehemu ya hasara anayoibeba mteja mwenyewe, ndio hiyo 180,000. Neno moja la herufi nne lilikuwa na tofauti ya zaidi ya laki nne na nusu. Kama mkataba wako unasema kitu kimoja tu bila jozi wala seti uko mahali pazuri zaidi, lakini usikisie, fungua uangalie.

Watu huniuliza kwa nini hicho kikomo kiko hapo hata kidogo kama mtu amelipia milioni mbili. Mimi naona kikomo chenyewe ni cha haki na nitasema kwa nini.

Kampuni ikikuuzia kava ya vitu vya ndani haiji kuhesabu. Inachukua ile jumla yako na kuipigia bei ya nyumba ya kawaida, na nyumba ya kawaida thamani yake imetawanyika, sofa iko sebuleni, friji jikoni, magodoro vyumbani, nguo kila mahali. Mwizi mwenye dakika kumi hawezi kubeba hivyo vyote, atabeba tivii na laptopu na kukimbia, kwa hivyo mtu wa milioni mbili akiibiwa kwa kawaida anapoteza kipande tu. Hatari ya kupoteza milioni zote mbili ni moto, na moto si kitu cha kila siku. Bei imejengwa juu ya hilo. Dhahabu inavunja hiyo hesabu kabisa kwa sababu theluthi mbili ya mali ya shangazi ilikuwa inaingia kwenye mfuko wa suruali, na mwizi anajua aanzie wapi.

Halafu kuna swala la ushahidi. Tivii ina namba yake nyuma, ina modeli, ikiibiwa bei yake mpya inajulikana dukani. Bangili ilitoka kwa nyanya, au ililetwa na mjomba kutoka Muscat, haina risiti, uzito hakuna anayekumbuka, na ikishafika kwa mtu wa kuyeyusha usiku huo huo asubuhi si bangili tena. Kampuni haiwezi kuitafuta wala kujua kama kweli ilikuwepo. Ndio maana ukisoma ile sentensi ya asilimia 5 vizuri utaona mikataba mingi inaitoa fanicha na vifaa vya umeme vya nyumbani nje ya kikomo. Sofa ya 300,000 kwenye nyumba ya milioni mbili italipwa yote. Kwa hivyo kikomo hakisemi kitu cha bei hakilipwi, kinasema kitu kidogo chenye thamani kubwa ambacho hukunionyesha sitakilipa zaidi ya hapa, ukitaka zaidi niambie ni nini na nikupigie bei yake. Hayo maneno ya mwisho ndio muhimu, isipokuwa kimeandikwa peke yake, yaani mlango umeachwa wazi pale pale kwenye sentensi inayokukata.

Ninachokasirikia mimi ni vile bima inauzwa. Fomu ya maombi mara nyingi ina swali hilo hilo, je una kitu chochote kimoja cha thamani kuzidi asilimia 5 ya jumla? Na nimeona fomu nyingi sana ambazo pale ajenti ameandika hapana kwa mkono wake mwenyewe kabla mteja hajasomewa, kwa sababu jibu la ndiyo litaleta kazi, litaleta valuesheni na kusubiri jibu la kampuni, na mteja atasikia bei imepanda na pengine aende kwingine. Ya shangazi iliandikwa hapana, na chini ni saini yake. Hakuuliziwa. Alitia saini alipoonyeshwa alama ya kalamu, kama wanavyofanya wengi.

Dawa yake ni jedwali la vitu vilivyotajwa, ambalo kwenye furushi hili huwa linakaa sehemu C. Kila kitu kinaandikwa laini yake, maelezo yake na thamani yake, na hiyo thamani inakuwa ndio kikomo kipya cha hicho kitu badala ya ile asilimia 5. Mkufu ungekuwa na laini yake ya 480,000 na seti ya bangili laini yake ya 864,000, siku ya kleimu neno seti halingekuwa na uzito wowote kwa sababu seti yenyewe imetajwa kwa bei yake. Kwa eksesi ile ile ya asilimia 10 angepata 1,209,600.

Bei yake ni kubwa zaidi, sitaficha. Tuchukue mfano wa viwango vya kuhesabia tu, asilimia 1 kwa vitu vya ndani na asilimia 3 kwa dhahabu iliyotajwa, kampuni yako itakuwa na vyake. Alikuwa analipa 20,000 kwa mwaka. Ukitoa dhahabu kwenye B inabaki 650,000 ambayo ni 6,500, na dhahabu ya 1,344,000 kwenye C ni 40,320, jumla 46,820 kabla ya kodi za bima na stempu. Tofauti ni kama 27,000 kwa mwaka. Na tafadhali, ukihamisha dhahabu kwenda C itoe B, nimekuta watu wanalipia bangili zile zile mara mbili miaka mitano na hawatalipwa mara mbili.

Kuna wale wanaofikiri watazunguka kwa kuongeza jumla ya vitu vya ndani ili asilimia 5 ikue. Fanya hesabu. Ili mkufu wa 480,000 uingie kwenye asilimia 5 lazima useme una vitu vya 9,600,000, na ili ile seti iingie lazima useme 17,280,000, kwa asilimia 1 hiyo ni primiamu ya 172,800 kwa nyumba ambayo ukweli wake ni kama milioni mbili tu. Na siku ya kleimu asesa ataingia ndani aone sofa moja na friji moja, hapo maswali yatakuwa mengine kabisa.

Sasa jedwali lenyewe linaandikwaje, manake hapa ndio watu wanaliharibu. Nimeona laini imeandikwa "bangili za dhahabu 800,000" basi. Hiyo ni karibu na kutoandika, ngapi, karati gani, gramu ngapi? Niliwahi kumpeleka mteja kwa sonara Mji wa Kale na nikakaa nikatazama. Yule mzee aligeuza bangili ndani akatafuta chapa kwa lenzi, ilikuwa 916, maana yake sehemu 916 kati ya elfu ni dhahabu safi, ndio karati 22. Ingekuwa 875 ni karati 21, zile nyingi zinazotoka Ghuba. Hakuamini chapa peke yake, akaisugua kwenye jiwe lake jeusi ikaacha mstari wa njano, akasugua kando yake kipande anachokijua karati yake, akadondosha asidi juu ya mistari yote miwili na kungoja aone kama itafifia sawa. Ikafifia sawa. Halafu mizani, moja moja kisha zote pamoja, na kila uzito akauandika mpaka nukta.

Barua ikatoka hivi: bangili 6 za dhahabu ya njano, karati 22, chapa 916, nakshi ya maua ya kukatwa, uzito jumla gramu 72, bei ya kutengeneza mpya leo kiasi fulani, tarehe, mhuri. Hapo kwa bei kuwa mwangalifu sana. Sonara ana bei mbili kichwani, bei atakayokununulia wewe ukimletea ya zamani, na bei atakayokuuzia mpya pamoja na ufundi. Ya kwanza ni ndogo. Unayotaka kwenye barua ya bima ni ya pili, mwambie wazi kabla hajaandika. Piga na picha kila kitu juu ya karatasi nyeupe, rula pembeni, na nakala usiiweke kwenye droo moja na dhahabu.

Jambo lingine linalowaumiza watu wenye jedwali tayari ni kuliacha lilale. Mwanzo wa 2024 wakia moja ya dhahabu, yaani kama gramu 31, ilikuwa karibu dola 2,000 za Marekani, na Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Haikufika miaka miwili. Mtu aliyeandikisha 2024 na kurinyuu kila mwaka kwa namba ile ile ana kava iliyo pungufu sana, na isitoshe kama mkataba unatumia kanuni ya wastani kwa kila laini basi hata akipoteza kidogo anakatwa. Chukua bangili sita zimeandikwa 432,000 na leo ni 864,000. Zimepotea tatu, hasara ya kweli ni 432,000, mtu anafikiri ah si ndio hiyo nimeandika, nitalipwa yote. Hapana, uliandikisha nusu ya thamani kwa hivyo unalipwa nusu ya hasara, 216,000, kisha eksesi. Kwa dhahabu mimi nasema barua mpya kila mwaka kabla ya kurinyuu, ni safari ya saa moja. Na uliza kama hiyo thamani ni ya kukubaliana au ni kiwango cha juu tu. Mikataba mingi ni kiwango cha juu, maana yake watalipa bei ya siku ya hasara isipite hapo, au watakwambia nenda kwa sonara wetu akutengenezee nyingine.

Faida ambayo watu hawaitegemei ni kwamba sehemu C inafuata kitu mpaka nje ya nyumba. Sehemu B inalinda vilivyo ndani, ukitoka na mkufu shingoni kwenda harusini B kwa kiasi kikubwa imebaki nyumbani na masofa. Na dhahabu jamani si ya kukaa droo, hatari yake kubwa ni siku inapovaliwa, kwenye umati, kwenye matatu, au hotelini. Hatari zote inachukua wizi wa njiani na hata kudondosha kwa bahati mbaya. Lakini ina mipaka ya nchi, na kwa kampuni nyingine inaishia Kenya au Afrika Mashariki. Mwanamke wa hapa anayekwenda harusi ya ndugu Muscat na dhahabu yake yote lazima aombe ipanuliwe kabla ya kusafiri, na abebe mkononi, sio ndani ya sanduku linalopelekwa chini ya ndege.

Na haiponyi kila kitu. Jiwe lililoanguka kwa sababu kucha za pete zimeisha ni uchakavu, hailipwi. Herini moja ikipotea kwa kawaida unalipwa hiyo moja, hulipwi jozi kwa sababu ati iliyobaki haina maana. Kama sharti linasema isipovaliwa iwe ndani ya sefu na ikakutwa imeibiwa kwenye meza ya kujipambia, kleimu iko mashakani. Na kuna hii ya kwetu pwani ya kuazimana dhahabu siku za harusi, mkataba unalinda mali yako na ya watu wa familia wanaoishi na wewe nyumba hiyo, sasa ile kidani ya binamu unayoivaa Jumamosi pengine haiko kwenye bima ya yeyote, yake imeishia mlangoni kwake na yako haimjui. Inayoazimwa mara kwa mara, mwenyewe aitaje kwake na aulize kama mtu mwingine akivaa bado inalindwa, na jibu liwe kwa maandishi.

Shangazi amebaki na pete moja ya gramu 6 ambayo siku ile alikuwa ameivaa, kwa bei ile ni 72,000. Alipokuja kurinyuu akaniambia mwanangu hii ni ndogo, haifiki laki, iache humo humo kwenye vitu vya ndani. Nikamwonyesha kwamba laki ilikuwa asilimia 5 ya milioni mbili. Sasa vitu vyake vimebaki 650,000 na asilimia 5 yake ni 32,500. Ile pete ambayo mwaka jana ingelipwa yote, mwaka huu ingelipwa chini ya nusu, na hakuna aliyebadilisha hata neno moja kwenye mkataba. Tukaipeleka kwa sonara siku hiyo hiyo, na ndio laini ya kwanza kwenye jedwali lake.